Tisa na Nane: Namna ya Kuhakiki Thamani Eigeni

Wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza chuoni wamepewa matriksi hii na kuambiwa watafute thamani zake eigeni:

```
7   3
2   2
```

Mmoja ameleta 8 na 1. Mwingine ameleta 4 na 5. Wote wawili wamejaza ukurasa, wote wamepata namba kamili zisizo na desimali, na hatua za kila mmoja ukizipitia harakaharaka huoni pa kumkamatia. Mwalimu mwenye rundo la madaftari mezani hana haja ya kusoma ukurasa wa yeyote kati yao. Anajumlisha 7 na 2, anapata 9. Anazidisha 7 kwa 2, anatoa 3 mara 2, anapata 8. Kisha anageukia majibu. 8 na 1 zikijumlishwa ni 9, zikizidishwa ni 8. 4 na 5 zikijumlishwa ni 9 vilevile, lakini zikizidishwa ni 20. Wa pili amekosa, na hilo limejulikana kabla wino haujakauka.

Kanuni hii kwa kawaida hufundishwa kwa sentensi moja: jumla ya thamani eigeni ni sawa na jumla ya ulalo, na zao lake, yaani jibu la kuzizidisha, ni sawa na determinanti. Mwanafunzi huinakili, na akifika kwenye mtihani hujumlisha tu, akaona imekubali, akafunga daftari. Hapo ndipo mwenzetu wa pili alipoponzwa. Jumla yake ilikubali. Nataka kuonyesha kwamba vipimo hivi viwili havifanyi kazi moja. Kila kimoja kina makosa yake kinayoyaona na makosa yake yanayokipita, na kujua kipi kinaona nini ndiko kunakomfanya mtu ahakiki kwa kuelewa.

Kwanza tukubaliane juu ya kinachotafutwa. Matriksi ya mbili kwa mbili ni namba nne zilizopangwa katika safu mbili za kulala na mbili za kusimama. Kazi yake ni kupokea jozi ya namba na kutoa jozi nyingine. Hii yetu ikipokea (1, 0) hutoa (7, 2). Ikipokea (0, 1) hutoa (3, 2). Ukizichora jozi hizo kama mishale kwenye karatasi ya grafu, mshale unaotoka huwa umerefuka na pia umegeuka, umeuacha mstari uliokuwa ukiuelekea.

Lakini iko mishale isiyogeuka. Chukua (3, 1). Safu ya juu: 7 mara 3 ni 21, ongeza 3 mara 1, unapata 24. Safu ya chini: 2 mara 3 ni 6, ongeza 2 mara 1, unapata 8. Imetoka (24, 8), ambayo ni (3, 1) ileile iliyozidishwa kwa 8. Chukua tena (1, −2): juu ni 7 kutoa 6, yaani 1; chini ni 2 kutoa 4, yaani −2. Imetoka kama ilivyoingia, ni sawa na kuzidishwa kwa 1. Mishale hiyo inayobaki kwenye mstari wake huitwa vekta eigeni, na namba zinazoizidisha, hapa 8 na 1, ndizo thamani eigeni.

Kuzipata si kubahatisha. Tunaiita thamani tunayoitafuta λ, herufi ya Kigiriki iitwayo lamda. Tunaitoa katika kila namba ya ulalo mkuu, ule unaotoka juu kushoto kwenda chini kulia, halafu tunadai kwamba determinanti ya matriksi iliyobaki iwe sifuri. Sababu ni kwamba kama mshale fulani unazidishwa kwa λ tu, basi ukiondoa λ ule mshale hausaliwi na kitu, na matriksi inayoufuta mshale mzima lazima iwe na determinanti ya sifuri. Kwa matriksi yetu:

```
(7 − λ)(2 − λ) − 3 × 2 = 0
14 − 7λ − 2λ + λ² − 6 = 0
λ² − 9λ + 8 = 0
```

Tazama namba zilikotoka. Ile 9 imetokana na 7 na 2, namba za ulalo, zilipokutana na λ kila moja kwa upande wake. Ile 8 imetokana na 14 kutoa 6, yaani determinanti yenyewe. Hazikuja kwa bahati. Badala ya namba zetu weka herufi zozote, a na b juu, c na d chini, ufungue mabano kwa mtindo huohuo, na utapata

```
λ² − (a + d)λ + (ad − bc) = 0
```

Sasa ujie mlinganyo huohuo kwa upande wa majibu. Kama thamani eigeni ni p na q, mlinganyo unaozaa majibu hayo mawili ni (λ − p)(λ − q) = 0. Ukiufungua unakuwa λ² − (p + q)λ + pq = 0. Ni mlinganyo mmoja ulioandikwa mara mbili, basi namba zake zinalingana: p + q ni a + d, na pq ni ad − bc.

Upande wa zao una picha pia, na mimi huipenda kwa sababu inaonekana kwa macho. Mraba wa upande mmoja kwa mmoja, ukipitishwa kwenye matriksi yetu, hugeuka umbo la pembe nne lililoinama lenye pande (7, 2) na (3, 2). Eneo lake ni 14 kutoa 6, yaani 8. Na ndivyo inavyopaswa, maana matriksi hii inanyoosha mara 8 kwenye mstari mmoja na mara 1 kwenye mwingine, na eneo lolote litakalopita humo litakua mara 8 kwa 1. Determinanti ni kipimo cha eneo hilo. Jumla ya ulalo haina picha nyepesi namna hiyo, na kwa shughuli yetu algebra ya hapo juu inatosha.

Mpaka hapa tumeonyesha kwamba majibu sahihi lazima yapite vipimo vyote viwili. Anayehakiki anahitaji zaidi ya hapo. Anataka kujua kama majibu mabaya nayo yanaweza kupita vyote viwili. Hayawezi. Tuseme umeletewa jozi yoyote yenye jumla ya 9 na zao la 8, iliyopatikana kwa njia yoyote, hata kwa kukisia. Iweke kwenye (λ − p)(λ − q), fungua mabano, na utapata λ² − 9λ + 8, ambao ndio mlinganyo wa matriksi. Mlinganyo huo una majibu mawili tu, na ndiyo hayo uliyoletewa. Kwa matriksi ya mbili kwa mbili, basi, jumla na zao kwa pamoja vinathibitisha jibu. Hakuna jozi nyingine itakayoweza kujipenyeza.

Kwamba jumla na zao vinatosha kuzitambua namba mbili ni elimu ya zamani sana kuliko matriksi. Waandishi wa Babeli walikuwa wakitatua mafumbo ya namna hiyo kwenye vibao vya udongo takribani miaka 3800 iliyopita: umepewa urefu na upana kwa pamoja, umepewa eneo, tafuta kila kimoja. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, ana tatizo mashuhuri katika kitabu chake cha aljebra: mraba wa namba pamoja na 21 ni sawa na mara kumi ya namba hiyo. Majibu yake ni 3 na 7, ambayo jumla yake ni 10 na zao lake ni 21. Njia yake ni hii: chukua nusu ya 10, ni 5. Izidishe kwa yenyewe, ni 25. Toa 21, zinabaki 4. Kipeuo chake cha pili ni 2. Itoe 2 katika 5 upate 3, au iongeze upate 7.

Jaribu njia hiyo kwa matriksi yetu. Nusu ya 9 ni 4.5. Mraba wake ni 20.25. Toa 8, zinabaki 12.25. Kipeuo cha pili ni 3.5. Kutoka 4.5 rudi nyuma 3.5, unafika 1. Songa mbele 3.5, unafika 8.

Njia hii ya al-Khwarizmi ndiyo inayofichua siri ya vipimo vyetu. Thamani mbili zinakaa pande mbili za kituo kimoja, kwa umbali sawa. Kituo ni nusu ya jumla ya ulalo. Umbali unatokana na determinanti. Unapozijumlisha thamani hizo, umbali unajifuta wenyewe, maana kilichoongezwa upande mmoja kimepunguzwa upande wa pili, na kinachobaki ni kituo mara mbili. Kwa hiyo kipimo cha jumla kinakagua kituo peke yake, na cha umbali hakijui lolote. Zao ndilo linalougusa umbali: ni mraba wa kituo kutoa mraba wa umbali.

Mrudie sasa yule mwanafunzi wa pili. Alipokokotoa determinanti aliandika 14 + 6 badala ya 14 − 6. Ni kosa la alama moja, na hutokea kila siku. Mlinganyo wake ukawa λ² − 9λ + 20 = 0, nao kwa bahati mbaya una majibu mazuri: 4 na 5. Kituo chake ni kilekile 4.5, kwa sababu ulalo hakuugusa. Umbali ndio uliopotea, nusu badala ya tatu na nusu. Angejumlisha mchana kutwa angepata 9 kila mara. Yeyote anayetumia kanuni ya milinganyo ya kipeo cha pili yuko katika hali hiyohiyo. Kanuni ile huanza na nusu ya jumla, kisha huongeza na kupunguza kitu kilekile. Hata kile kitu kikiwa takataka, jumla itakubali. Aliyetumia kanuni hiyo kisha akahakiki kwa jumla peke yake hajahakiki chochote isipokuwa kwamba ameiandika ile 9 sawasawa.

Kosa la upande wa pili huja kwa mlango mwingine, na kwa maoni yangu ndilo baya zaidi kwa sababu linaonekana kama werevu. Wengi wamefundishwa kurahisisha matriksi kwa kutoa safu moja katika nyingine mpaka namba ya chini kushoto iwe sifuri. Ni njia halali kabisa ya kutatua milinganyo miwili kwa wakati mmoja, na ni halali kwa kutafuta determinanti. Na ni kweli pia kwamba matriksi yenye sifuri chini ya ulalo hubeba thamani zake eigeni kwenye ulalo wake, waziwazi. Basi mtu anaunganisha mambo mawili ya kweli na kupata la uongo. Anachukua matriksi yetu, anatoa sehemu mbili ya saba ya safu ya juu katika safu ya chini, anapata:

```
7   3
0   8/7
```

Kisha anasoma ulalo na kutangaza kwamba thamani eigeni ni 7 na 8/7. Zidisha: 7 mara 8/7 ni 8 kamili. Kipimo cha zao kimepita bila doa, na hakikuwa na njia ya kutopita, kwa kuwa kutoa safu katika safu hakubadilishi determinanti. Lakini kunabadilisha thamani eigeni zenyewe. Jumla ndiyo inayomuumbua: 7 na 8/7 ni 57/7, zaidi kidogo ya 8.14, wakati ulalo wa matriksi aliyopewa una 9.

Kuna pia kosa dogo la kuweka mabano. Mtu anafika kwenye λ² − 9λ + 8, anaandika (λ − 8)(λ − 1) kwa usahihi, kisha anatoa majibu −8 na −1. Zao ni 8, limekubali, maana hasi mbili zikizidishana huwa chanya. Jumla ni −9. Ukiona jumla yako ina ukubwa unaotakiwa lakini alama imepinduka, na zao limekubali, huna haja ya kuanza upya. Rudi kwenye mabano tu.

Hivyo namna kipimo kinavyokataa ni habari pia. Jumla ikikubali na zao likikataa, kagua determinanti na kipeuo cha pili. Zao likikubali na jumla ikikataa, kagua alama za mabano, au jiulize kama uliibadilisha matriksi kabla ya kuanza. Vyote vikikataa, huenda ulinakili matriksi vibaya au uliteleza ulipofungua mabano, na hapo ni afadhali kuanza ukurasa mpya.

Sharti moja halina mjadala: 9 na 8 za kuhakikia lazima zitoke kwenye matriksi, si kwenye mlinganyo wako. Wengi, wakishapata majibu, hutazama mstari wa λ² walioandika wenyewe na kulinganisha nao. Yule aliyeandika +20 akifanya hivyo ataona 4 mara 5 ni 20 na atafurahi. Amethibitisha kwamba ametatua vizuri mlinganyo usio wake. Rudi kwenye namba nne ulizopewa, kwenye karatasi ya maswali ikiwezekana, na ukokotoe ad − bc upya bila kuangalia ulichofanya mwanzo.

Hata hilo lina mpaka wake, kwani mtu mwenye mazoea ya kujumlisha badala ya kutoa anaweza kurudia kosa lilelile mara mbili. Dawa yake ni kuingiza jibu kwenye matriksi kama tulivyofanya na (3, 1): tafuta mshale unaodaiwa kuzidishwa na thamani hiyo, uupitishe, uone. Kwa 4, mwanafunzi wa pili angetoa 4 kwenye ulalo na kubaki na 3 na 3 juu, 2 na −2 chini. Safu ya juu inadai y iwe −x. Safu ya chini inadai y iwe x. Hayakubaliani isipokuwa vyote viwili viwe sifuri, na mshale wa sifuri si mshale. Kwa hiyo 4 haina mshale wake, na si thamani eigeni.

Namba zenye desimali zinaleta swali la ukaribu. Matriksi yenye 1 na 1 juu, 1 na 0 chini, ndiyo inayozalisha mfululizo wa Fibonacci, ule ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Ulalo wake unajumlika kuwa 1, determinanti ni −1. Kikokotoo kitakupa thamani eigeni 1.618 na −0.618. Jumla ni 1 kamili. Zao ni −0.999924. Je, imekataa? Hapana. Tulikata kila namba kwenye desimali ya tatu, na tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile inayoweza kuletwa na ukataji huo. Lakini ukipata −0.95 kwa namba zilizokatwa hivyo, ujue kuna kosa la kweli.

Mahali ambapo ukataji wa desimali unaumiza hasa ni pale thamani moja inapokuwa kubwa na nyingine ndogo sana. Chukua matriksi hii:

```
100   3
3     0.1
```

Jumla ya ulalo ni 100.1, determinanti ni 10 kutoa 9, yaani 1. Katika kanuni ya kipeo cha pili kipeuo kinachohitajika ni 100.08 na ushei. Mtu mwenye haraka akikata kwenye desimali moja anaandika 100.1. Kisha anajumlisha na kugawa kwa mbili, anapata 100.1, anatoa na kugawa kwa mbili, anapata 0. Jumla imekubali kabisa. Zao ni sifuri, na lilitakiwa kuwa 1. Thamani ndogo imemezwa yote. Tatizo ni kutoa namba mbili zinazokaribiana sana: tarakimu za mbele zinafutana, na zinazobaki ni zile za mkiani, ambazo ndizo zilizokatwa.

Hapa kipimo cha zao kinaweza kugeuzwa kuwa njia ya kazi. Kokotoa thamani kubwa kwanza, ambayo haina utoaji wa hatari. Ukiweka kipeuo 100.08 utapata 100.09. Thamani ndogo usiitafute kwa kutoa. Gawa determinanti kwa ile kubwa: 1 kwa 100.09 ni 0.00999. Kisha tumia jumla kuhakiki, kwa kuwa zao sasa limeshatumika na haliwezi kujishuhudia lenyewe: 100.09 na 0.00999 ni 100.09999, karibu kabisa na 100.1. Wanaoandika programu za hesabu hutumia ujanja huuhuu katika milinganyo ya kipeo cha pili.

Mara nyingine kipeuo kinachotakiwa ni cha namba hasi, na thamani eigeni zinakuwa namba changamano. Vipimo havibadiliki. Matriksi yenye 1 na −2 juu, 1 na 3 chini, ina jumla ya ulalo 4 na determinanti 5, na thamani zake ni 2 + i na 2 − i, ambapo i ni kipeuo cha pili cha −1. Jumla ni 4. Zao ni 4 kutoa i mraba, na i mraba ni −1, basi ni 5. Kama matriksi ina namba halisi na jibu lako lina i upande mmoja tu, jumla itakuonyesha mara moja, kwa sababu i itabaki imening'inia.

Vipimo hivi havisemi lolote kuhusu mishale. Unaweza kuwa na 8 na 1 sahihi na ukaziambatanisha na vekta mbovu, jumla na zao visijue. Hilo huonekana wazi thamani mbili zinapolingana. Matriksi yenye 3 na 0 juu, 0 na 3 chini, na ile yenye 3 na 1 juu, 0 na 3 chini, zote zina jumla ya 6 na zao la 9, na zote thamani yake ni 3 mara mbili. Ya kwanza haigeuzi mshale wowote. Inarefusha kila kitu mara tatu. Ya pili ina mstari mmoja tu usiogeuka, ule wa kulala. Kwa jumla na zao matriksi hizo ni pacha. Anayetaka kuzitenganisha hana budi kutafuta mishale yenyewe.

Na uthibitisho wote niliouelezea ni wa mbili kwa mbili. Kwa matriksi ya tatu kwa tatu bado ni kweli kwamba jumla ya thamani eigeni ni jumla ya ulalo na zao lake ni determinanti, lakini vipimo hivyo viwili havitoshi tena kuzifunga namba tatu. Angalia 1, 6 na 6: jumla ni 13, zao ni 36. Angalia 2, 2 na 9: jumla ni 13, zao ni 36. Mtu akikuletea seti moja badala ya nyingine, vipimo vyako vyote viwili vitampitisha. Kinachozitenganisha ni kipimo cha tatu, ambacho ni kuzizidisha mbilimbili na kujumlisha mazao hayo. Seti ya kwanza inatoa 6 na 6 na 36, yaani 48. Ya pili inatoa 4 na 18 na 18, yaani 40. Kwenye matriksi namba ya kulinganisha nayo hupatikana kwa kukokotoa determinanti tatu ndogo za mbili kwa mbili, kila moja kwa kufuta safu ya kulala na ya kusimama zinazokutana kwenye ulalo, kisha kuzijumlisha zote tatu.